Tangazo la kazi kutoka Kiingereza: "miaka mitano na miaka miwili" ni mitano au saba?

#1 KaraniMiritini

Wadau, salamu. Kuna tangazo la nafasi ya msimamizi wa zamu kwenye ghala la kontena upande wa Changamwe. Ofisi iliandika kwa Kiingereza, kisha likatafsiriwa libandikwe getini na kusambazwa WhatsApp. Sifa zilitoka hivi:

"Awe na diploma ya ugavi au inayolingana nayo yenye uzoefu wa angalau miaka mitano katika shughuli za ghala na miaka miwili katika usimamizi. Mwenye leseni ya foklifti ataongezewa faida."

Majukumu nayo: "Kusimamia mizigo inayoingia na kutoka. Kushughulikia nyaraka za forodha. Kusaidia hesabu ya mali."

Kwenye Kiingereza, baada ya miaka mitano kuna koma, halafu kipande kinachorudi nyuma kusema kwamba miwili katika hiyo mitano mtu awe ameongoza wenzake. Matokeo ya Kiswahili: maombi mengi ni ya makarani wa stoo ambao hawajaongoza mtu yeyote, na wale wenye sifa hasa wanasema hawakuomba kwa kuwa "wanataka miaka saba". Kosa liko kwenye hiyo "na" pekee, au kuna jingine?

#2 BintiTudor

Ni hiyo "na". Kiswahili kikiweka viwango viwili vya miaka na "na" katikati, msomaji anajumlisha. Hata sokoni ukisema kilo tano na kilo mbili, muuzaji atapima saba. Kiingereza kilikuwa na kipande kinachosema "sehemu ya hiyo", na mfasiri amekitupa kwa sababu kinasumbua kukipanga. Rudisha hivi:

"Awe na uzoefu wa miaka mitano ya kazi ya ghala, miwili kati yake iwe ya usimamizi."

Basi, uzi umefungwa.

#3 DerevaJomvu

Hii nafasi bado ipo? Mimi nina leseni ya zamani ya BCE na foklifti naendesha. Diploma sina. Na hiyo faida inayoongezwa ni shilingi ngapi kwa mwezi?

#4 Fundi_Likoni

@DerevaJomvu 😂 wameuliza Kiswahili, wewe waomba kazi.

Lakini wadau msicheke sana, swali lake ni jibu tosha. "Ataongezewa faida" kasoma kama marupurupu. Na si yeye peke yake atakayesoma hivyo.

#5 MaalimKizingo

@BintiTudor uzi haujafungwa, mwanangu. "Na" ni kosa moja, lakini sentensi ile ina makosa matatu yaliyoshikana, na ukitengeneza moja tu, mengine mawili yataleta maombi yaleyale.

La kwanza ni "diploma yenye uzoefu wa miaka mitano". Hapo mwenye uzoefu ni diploma. Kiingereza huweza kuunganisha cheti na uzoefu kwa neno dogo la katikati na kila mtu akaelewa kwamba vyote viwili ni vya mwombaji. Kiswahili hakikubali, maana "yenye" inafuata ngeli ya diploma. Msomaji mwerevu hurekebisha kichwani, lakini akirekebisha hana budi kuchagua: je, miaka mitano inahesabiwa tangu apate diploma, au hata ile ya kabla inaingia? Mtu aliyeanza kazi ghalani akiwa na cheti cha kidato cha nne, akapata diploma miaka miwili iliyopita, yuko ndani au nje? Tangazo halimwambii.

La pili ni hiyo "na" aliyotaja @BintiTudor.

La tatu, ambalo naliona ndilo kubwa, ni neno "usimamizi". Tazama majukumu yenyewe: "kusimamia mizigo". Karani wa stoo anasimamia mizigo kila siku. Anahesabu paleti, anasaini, anafunga mlango. Akifika kwenye "miaka miwili katika usimamizi" anasema, hii ninayo. Hajadanganya. Tangazo lenyewe limemfundisha, kwenye majukumu, kwamba usimamizi ni kuangalia mizigo. Kiingereza kilikuwa na maneno mawili tofauti, moja la kuangalia shughuli na jingine la kuwa mkubwa wa watu, na yote mawili yameangukia "kusimamia". Kwa hiyo marekebisho ya @BintiTudor yatazuia watu kujumlisha saba, lakini makarani watazidi kuja.

#6 BintiTudor

Shukran Maalim. Basi tuandike "uongozi" badala ya "usimamizi".

#7 MaalimKizingo

"Uongozi" peke yake unanukia siasa na vyama. Andika tendo na uwataje watu: "awe ameongoza wafanyakazi wa zamu". Ukiweza, taja idadi, ikiwa ofisi yenyewe inayo. Ghala lenye watu kumi na wawili kwa zamu, sema "kundi la watu kumi au zaidi". Lakini idadi usiibuni wewe mfasiri. Ikiwa haiko kwenye Kiingereza, rudi ofisini uulize, wakikataa kuitaja basi ibaki "wafanyakazi wa zamu".

Na kwenye majukumu ondoa "kusimamia mizigo". Sema kinachofanyika: "kupanga na kuongoza kazi ya kupokea na kutoa mizigo".

#8 Rasilimali_Nyali

Mimi ninakaa upande wa pili wa meza, upande wa kupokea maombi. Ndugu zangu, mnaitwika tafsiri mzigo usio wake. Matangazo ya Kiingereza pia huleta makarani. Watu wanaomba kila kitu kwa sababu kazi ni chache. Huwezi kumfukuza mwombaji kwa sarufi.

Tena Kiingereza chenyewe mara nyingi kina utata, mfasiri akaurithi. Hiyo miwili ya kuongoza watu, je, lazima iwe ghalani? Mtu aliyeongoza zamu ya supamaketi miaka miwili, kisha akawa ghalani miaka mitano bila kuongoza mtu, anafaa? Kwa Kiingereza kile kama alivyokieleza @KaraniMiritini, hafai, kwa sababu miwili iko ndani ya mitano ya ghala. Lakini ukimuuliza meneja aliyeandika, huenda akakwambia anafaa kabisa. Hakulifikiria hilo alipoandika.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, tengeneza waombaji wa kubuni kwenye karatasi na umpelekee meneja awapitishe au awakatae:

Wa kwanza ana miaka mitano ghalani, miwili ya mwisho akiongoza zamu. Wa pili ana mitano ghalani bila kuongoza, na miwili ya kuongoza duka. Wa tatu ana minane ghalani, aliongoza ile mitatu ya mwanzo tu, kisha akashushwa kuwa karani. Wa nne ana mitano ghalani na miwili ya kuongoza, lakini diploma kaipata mwaka jana.

Akishajibu, ndiyo unaanza kuandika. Ukimaliza, wape watu wanne au watano wa nje ya ofisi Kiswahili chako pamoja na waombaji walewale. Majibu yao yakitofautiana na ya meneja, sentensi bado haijakaa sawa. Usiwaulize "mmeelewa?", maana wote watasema ndiyo.

#9 KaraniMiritini

@Rasilimali_Nyali hili nimelipenda. Majibu ya ofisi nimeyapata leo: wa kwanza apite, wa pili asipite, wa tatu apite, wa nne apite. Kwa hiyo kuongoza lazima iwe ghalani, si lazima iwe karibuni, na diploma si lazima itangulie uzoefu.

#10 Mtanga_Halisi

Wenzetu wa Mombasa, tatizo lenu ni kuchanganya maneno. Nyie Kenya mnasema tajriba, ujuzi, uzoefu, vyote kwa jambo moja. Sisi Tanzania neno ni uzoefu, limekwisha. Mkiandika "ujuzi wa miaka mitano" mnamchanganya mtu kati ya anachokijua na muda aliofanya kazi.

#11 Fundi_Likoni

Yakhe, tangazo limesema uzoefu. Soma tena #1.

#12 Mtanga_Halisi

Nimesoma. Nasema kwa jumla.

#13 MaalimKizingo

@Mtanga_Halisi una hoja nusu. Ni kweli Kenya "tajriba" imezoeleka kwenye taarifa rasmi na "ujuzi" kwenye mazungumzo, na "ujuzi wa miaka mitano" ni mtego. Lakini hata "uzoefu" ina mlango wazi. Mtu aliyekuwa akiingia ghalani kila siku kama wakala wa forodha, akitoa mizigo ya wateja, anaweza kusema kwa haki kwamba ana uzoefu na ghala. Amelizoea. Ila hakufanya kazi humo.

Ndiyo maana, kwenye sharti la muda, mimi napendelea kuacha jina na kutumia kitenzi: "awe amefanya kazi ghalani kwa miaka mitano". Hapo hakuna kubishana juu ya tajriba wala uzoefu. Jina liache kwenye kichwa cha sehemu, ambako halimpimi mtu.

#14 BintiTudor

Hapo sikubaliani kabisa, Maalim. "Awe amefanya kazi ghalani" inamwingiza hata mlinzi na mpishi wa ghala. Wote wamefanya kazi ghalani. "Uzoefu wa shughuli za ghala" angalau unaonyesha kazi yenyewe.

#15 MaalimKizingo

Kweli, "ghalani" ni mahali. Basi taja kazi: "awe amefanya kazi ya kupokea, kuhifadhi na kutoa mizigo ghalani". Inarefuka lakini mlinzi anabaki nje.

#16 SheriaMtaani

Mnasahau vibarua. Mombasa watu wengi wa maghala ni vibarua wa siku. Kwa sheria, kibarua akifanya kazi mwezi mmoja anakuwa mfanyakazi wa kudumu, kwa hiyo siku zake zote lazima zihesabiwe kama uzoefu. Tangazo lolote lisilosema hivyo ni batili.

#17 Rasilimali_Nyali

@SheriaMtaani umeshika mkia wa jambo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unachukuliwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi na anastahili ilani kabla ya kuachishwa. Hakimfanyi wa kudumu. Na hakimlazimishi mwajiri mwingine jinsi ya kuhesabu uzoefu kwenye tangazo. Tangazo lisilotaja vibarua si batili.

Lakini swali la kuhesabu ni la haki na mfasiri analigusa bila kujua. Nimeona tafsiri nyingi zikiongeza neno "mfululizo": "miaka mitano mfululizo". Kiingereza hakikusema. Mfasiri kaliweka kwa sababu linapendeza sikioni. Hapo umemtoa kila kibarua, na kila mama aliyepumzika akazaa akarudi kazini. Ofisi ikitaka miezi iunganishwe, andika "kwa jumla ya miaka mitano". Hilo neno "jumla" linamruhusu mwenye mapengo.

#18 SheriaMtaani

Sawa, nimekubali kuhusu "kudumu". Lakini bado uzoefu utathibitishwaje? Kibarua hana barua.

#19 Rasilimali_Nyali

Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka, isipokuwa aliyefanya kazi chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho kinataja jina la mwajiri na la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, aina ya kazi na mahali alipofanyia. Tarehe na aina ya kazi ndivyo vinavyotusaidia kuhesabu miaka.

Hakilazimiki kusema uliongoza watu wangapi. Kwa hiyo tangazo likitaka miaka miwili ya kuongoza, liseme itathibitishwa kwa nini. Barua ya kupandishwa cheo? Jina la mkubwa wake wa zamani na simu? Lisiposema, mwenye sifa hataleta ushahidi, na asiye nazo ataandika tu "msimamizi" kwenye wasifu wake.

#20 DerevaJomvu

Kwa hiyo mimi ambaye sina diploma niliyeendesha foklifti bandarini muda mrefu, "inayolingana nayo" inanihusu? Uzoefu wangu si unalingana na diploma?

#21 Fundi_Likoni

Karudi huyu 😂

#22 MaalimKizingo

Mwacheni, ameuliza swali la maana kuliko sisi. "Diploma ya ugavi au inayolingana nayo". Kinacholingana ni nini? Kwa Kiingereza, watu wa ajira wanamaanisha masomo ya kiwango hichohicho kwa jina jingine. Kwa Kiswahili "inayo-" inarudi kwenye diploma, hivyo kisarufi ni diploma nyingine. Lakini msomaji wa getini hasomi ngeli. Anasoma "au" kisha anaona mlango.

Dawa ni kutaja: "diploma ya ugavi, ya usimamizi wa maghala au ya usafirishaji". Ofisi ikitaka kuacha mlango wazi, iandike "au diploma nyingine ya fani hizo". Na ikiwa hawapokei uzoefu badala ya diploma, waseme waziwazi: "uzoefu hauchukui nafasi ya diploma". Pole @DerevaJomvu, kwa tangazo hili nadhani jibu ni hapana, ila ofisi ndiyo yenye kauli.

#23 DerevaJomvu

Ahsante Maalim. Angalau wewe umejibu.

#24 HalimaWaBamburi

Hiyo "angalau" ya @DerevaJomvu ndiyo ninayoipigia kelele siku zote. Hebu isikilizeni. Ni kitu kidogo mtu anachoridhika nacho akikosa kikubwa. Sasa mwandike "angalau miaka mitano". Wengine watasoma mpaka wa chini kabisa. Wengine watasoma kwamba mitano ingependeza, ila kama una minne leta tu, tutavumiliana.

#25 BintiTudor

Mbona magazeti yote yanatumia "angalau"? Watu wameshaizoea.

#26 HalimaWaBamburi

Wameizoea kwenye habari, ambako haina gharama. Kwenye sharti ina gharama. Na watu wakiikimbia "angalau" wanaangukia "zaidi ya miaka mitano", ambayo ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye mitano kamili ametolewa nje. "Zaidi ya" mitano inaanza baada ya mitano kutimia.

Mbaya kuliko zote ni Kiingereza kinachosema mitatu hadi mitano. Ukitafsiri "miaka mitatu hadi mitano" mwenye minane anadhani amezidi umri wa kazi, haombi. Kumbe ofisi ilikuwa inakadiria tu ngazi ya mshahara.

#27 MaalimKizingo

Lugha ya kisheria ina "isiyopungua": "miaka isiyopungua mitano". Hiyo haina utata hata kidogo. Mitano imo, minne haimo.

#28 HalimaWaBamburi

Haina utata kwa wewe, Maalim. Mtu aliyesimama getini juani akisoma kwa haraka anakuta kanusho ndani ya kitenzi, kisha namba. Nimewasikia wakiisoma "isiyozidi". Andika "miaka mitano au zaidi". Maneno yote ni ya kawaida, na mitano imetajwa waziwazi kuwa imo.

#29 MaalimKizingo

"Isiyopungua" na "isiyozidi" kuchanganywa ni kosa la msomaji, si la mwandishi.

#30 HalimaWaBamburi

Tangazo ni la msomaji.

#31 Mtanga_Halisi

Kwetu "usiopungua" iko kwenye matangazo ya serikali na watu wanaelewa.

#32 Fundi_Likoni

Kwenu watu wanasoma tangazo la serikali mara kumi kumi, maana lina kurasa nane.

#33 KaraniMiritini

Wakuu, kuna jambo la karatasi yenyewe. Rasimu mpya niliipanga kwa nukta, kila sifa na mstari wake:

• Diploma ya ugavi, ya usimamizi wa maghala au ya usafirishaji
• Miaka mitano au zaidi ya kazi ya ghala
• Miwili kati yake iwe ya kuongoza wafanyakazi wa zamu
• Leseni ya foklifti

Inasomeka vizuri?

#34 Rasilimali_Nyali

Hapana. Nukta zimevunja kile mlichokijenga. "Kati yake" imekaa mstari wake peke yake, na mtu anayepitisha jicho anasoma masharti manne yanayolingana. Tena anaona nukta ya tatu kama sharti jipya, ndiyo mnarudi kwenye saba. Miaka mitano na miwili lazima vikae nukta moja, sentensi moja.

Na leseni ya foklifti umeipandisha kuwa lazima bila kujua. Kwenye Kiingereza ilikuwa ya ziada. Ikikaa kwenye orodha moja na za lazima, hata ukiifuata na "ni sifa ya ziada", wengi watakwama hapo. Weka vichwa viwili: "Sifa za lazima" na "Si lazima, lakini mwenye nayo atafikiriwa kwanza". Na hiyo "faida" uiue kabisa, usije ukaulizwa mshahara.

Tahadhari nyingine: WhatsApp watu hupiga picha wakakata. Kinachokatwa mara nyingi ni chini. Sifa za lazima zikae juu, zile za ziada chini, ili picha ikikatwa kilichopotea kiwe kisichomzuia mtu.

#35 BintiTudor

"Atafikiriwa kwanza" au "atapewa kipaumbele"? Kipaumbele ni ahadi. Asiyechaguliwa akiwa na leseni atakuja na karatasi mkononi.

#36 Rasilimali_Nyali

"Atafikiriwa kwanza" nayo ni ahadi. Labda "itasaidia". Kiingereza kinasema ni nyongeza tu, hakisemi mwenye nayo atatangulia.

#37 Fundi_Likoni

"Itasaidia" iko sawa. Fupi, na haimpi mtu kesi.

#38 MaalimKizingo

Na majukumu msiyaache. "Kushughulikia nyaraka za forodha" haisemi kazi. Anaziandika? Anaziingiza kwenye mfumo wa iCMS? Au anazikagua tu zikiletwa na wakala kabla mzigo haujatoka? Kila moja inadai uzoefu tofauti. Ikiwa msimamizi wa zamu anakagua tu, mtu aliyewahi kuingiza nyaraka kwenye mfumo si lazima, na tangazo lisimtishe asiyeujua. "Kusaidia hesabu ya mali" nayo: anamsaidia nani? Kama yeye ndiye anayeongoza zamu na wahesabu ni wengine, basi si kusaidia, ni kuongoza.

#39 KaraniMiritini

Nimeuliza. Anakagua tu nyaraka kabla mzigo kutoka. Hesabu ya mali inaendeshwa na mhasibu, yeye anatoa watu na kuthibitisha idadi. Basi rasimu ni hii:

Kazi yenyewe
Kupanga na kuongoza wafanyakazi wa zamu wanaopokea, kuhifadhi na kutoa mizigo. Kukagua nyaraka za forodha kabla mzigo haujatoka. Kumpa mhasibu wafanyakazi wa kuhesabu mali na kuthibitisha idadi.

Sifa za lazima
Awe na diploma ya ugavi, ya usimamizi wa maghala au ya usafirishaji. Uzoefu hauchukui nafasi ya diploma.
Awe amefanya kazi ya kupokea, kuhifadhi na kutoa mizigo ghalani kwa jumla ya miaka mitano au zaidi, na ndani ya muda huo awe ameongoza wafanyakazi wa zamu kwa miaka miwili au zaidi. Miaka ya kabla ya kupata diploma inahesabiwa.
Alete cheti cha utumishi, na barua au jina la mkubwa wa kazi anayeweza kuthibitisha kwamba aliongoza zamu.

Si lazima
Leseni ya foklifti itasaidia.

#40 HalimaWaBamburi

Nzuri. Nimewajaribu wale waombaji wanne wa @Rasilimali_Nyali humo ndani. Wa kwanza, wa tatu na wa nne wanapita, wa pili hapiti. Sawasawa na ofisi ilivyosema.

#41 BintiTudor

Mimi bado naona "miwili kati yake" ingekuwa fupi na ya Kiswahili zaidi kuliko "ndani ya muda huo awe ameongoza". Sentensi imekuwa treni.

#42 Mtanga_Halisi

"Ndani ya muda huo" mtu atasoma ndani ya ile mitano ya mwanzo. Mwenye minane aliyeongoza mwaka wa sita na wa saba atajitoa.

#43 KaraniMiritini

Eh. Kweli inaweza kusomeka hivyo. Maalim?

#44 MaalimKizingo

"Au zaidi" inafungua muda, kwa hiyo "muda huo" ni wote aliofanya kazi, hata ukiwa minane. Lakini hofu yake si ya bure. Jaribu "na katika miaka yake yote ya ghalani, miwili au zaidi awe ameongoza". Mimi sijaridhika nayo pia, "yote" inaweza kusomeka kwamba aongoze miaka yote.

#45 HalimaWaBamburi

Ongezeni mwombaji wa tano kwenye jaribio: minane ghalani, akaongoza mwaka wa sita na wa saba. Wapeni watu wa nje sentensi zote tatu, pamoja na ile ya @BintiTudor, muone ipi inamtoa.

#46 DerevaJomvu

Na aliyekuwa nyapara wa vibarua wa kushusha mizigo, bila barua ya cheo, huyo ameongoza zamu au hakuongoza?

#47 Fundi_Likoni

Nyapara ameongoza kuliko meneja, muulize kibarua yeyote.

#48 Rasilimali_Nyali

Hilo Kiingereza hakikulitaja na Kiswahili hakiwezi kulijibu. @KaraniMiritini rudi ofisini tena, maana getini hapo manyapara ndio watakaosoma wa kwanza.